Kusoma Makisio ya Fedha: Msaada kwa Mjumbe wa Bodi Asiye Mhasibu

Utangulizi

Wachungaji wengi huteuliwa kuwa wajumbe wa bodi za shule, hospitali na vituo vya Kanisa kwa sababu ya utumishi wao, wala si kwa sababu wamesomea uhasibu. Mara nyingi makisio ya mapato na matumizi ya mwaka ujao hugawiwa asubuhi ile ile ya kikao. Mhasibu huyasoma kwa haraka, mwenyekiti huuliza kama kuna swali, chumba hunyamaza, na makisio hupitishwa. Miezi kumi baadaye walimu hawajalipwa mishahara, na mjumbe aliyenyamaza huambiwa kwamba bodi, naye akiwamo, ndiyo iliyopitisha.

Sisi tuliopata kukaa pande zote mbili za meza hiyo, upande wa kuandaa makisio na upande wa kuyapitisha, tumeona kwamba ukimya huo hautokani na uvivu. Hutokana na hofu ya kuuliza jambo ambalo mtu anadhani wengine wote wanalifahamu. Katika makala hii tunakusudia kusoma makisio ya shule moja hatua kwa hatua. Tarakimu zake tumezitunga wenyewe ili zifuatike kwa urahisi, lakini umbo lake ni lile linaloletwa mbele ya bodi nyingi. Hesabu itakayohitajika ni kujumlisha, kutoa na kugawanya tu.

1. Kabla ya kusoma tarakimu

Jambo la kwanza ni kusoma kile kilichoandikwa juu ya jedwali. Hapo panatajwa mwaka unaohusika na kipimo kilichotumika. Mahali palipoandikwa "katika maelfu ya shilingi", sifuri tatu za mwisho zimeondolewa ili karatasi isijae, na 360,000 maana yake ni shilingi milioni 360. Mjumbe asiyeona maneno hayo atadhani shule nzima inaendeshwa kwa laki chache. Kadhalika, tarakimu iliyofungwa kwa mabano, kama (27,000), ni ya upungufu: fedha zinazokosekana au zinazotolewa.

Jambo la pili ni safu. Makisio mazuri huonyesha makisio ya mwaka huu, matumizi halisi ya mwaka huu, na makisio ya mwaka ujao. Lakini kama kikao kinakaa mwezi Novemba, safu ya matumizi halisi haiwezi kuwa ya mwaka mzima. Kwa kawaida huishia tarehe 30 Septemba. Tumewahi kusikia wajumbe wakiipongeza shule kwamba ilitengewa milioni 12 za matengenezo na imetumia milioni 9 tu, hivyo imeokoa milioni 3. Haikuokoa kitu. Miezi tisa ni robo tatu ya mwaka, na milioni 9 ni robo tatu ya milioni 12. Basi kabla ya kulinganisha safu mbili, hatuna budi kuuliza kila moja inahusu miezi mingapi.

Sasa tuyatazame makisio yenyewe. Shule ni ya sekondari ya bweni, na bodi inaombwa kupitisha haya kwa mwaka ujao:

Makisio ya mwaka ujao (katika maelfu ya shilingi)

Mapato
Ada za wanafunzi (Maelezo 1): 360,000
Ruzuku ya jengo la maabara (Maelezo 2): 60,000
Shamba na miradi: 18,000
Michango ya sharika: 12,000
Jumla ya mapato: 450,000

Matumizi
Mishahara (Maelezo 3): 216,000
Chakula cha wanafunzi: 112,500
Jengo la maabara (Maelezo 2): 60,000
Uendeshaji: 40,500
Matengenezo: 12,000
Jumla ya matumizi: 441,000

Ziada: 9,000

Jicho la mtu mwenye haraka hushuka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho. Kuna ziada ya milioni 9; basi mambo ni mema, tupitishe. Makala yote iliyosalia inahusu kwa nini mstari huo hautoshi.

2. Jumla imeundwa na nini?

Jumla ni kama kikapu. Haituambii kilichomo ndani mpaka tukifungue. Swali la kwanza kwa jumla yoyote ya mapato si "ni kubwa kiasi gani?" bali "ni kiasi gani cha fedha hizi ambacho bodi ina uhuru wa kukipangia matumizi?"

Katika mfano wetu, milioni 60 za maabara zimetolewa kwa ajili ya maabara tu. Mhisani ameweka sharti hilo kwa maandishi, na shule imelikubali. Ndiyo maana kiasi hicho kimeandikwa mara mbili, upande wa mapato na upande wa matumizi. Kinaingia na kutoka, na hakimlipi mwalimu wala mpishi. Tukikiondoa pande zote mbili, tunapata sura ya kweli ya uendeshaji wa shule: mapato milioni 390 na matumizi milioni 381. Ziada haikubadilika, ni milioni 9 kama mwanzo. Lakini shule tuliyodhani inaendeshwa kwa milioni 450 kumbe inaendeshwa kwa milioni 390.

Mjumbe anaweza kuuliza kwa nini tujisumbue ikiwa ziada haibadiliki. Sababu ni benki. Fedha za maabara zikiwekwa katika akaunti moja na fedha za ada, salio la benki litaonekana nono hata wakati ambapo fedha za mishahara zimekwisha. Mwezi Oktoba, walimu wakidai, mtu atasema, "Tukope kidogo kutoka kwenye maabara, tutarudisha Januari." Januari ada zinazoingia zina kazi zake, na deni halirudishwi. Mhisani anapoomba taarifa ya awamu ya kwanza, jengo limeishia kwenye msingi, na awamu ya pili haiji. Hivyo ndivyo mapengo mengi yanavyoanza, bila mtu yeyote kutia shilingi mfukoni mwake.

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba jambo hili si geni katika Agano Jipya. Mchango ambao Paulo aliukusanya kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu ulikuwa fedha yenye kusudi maalumu, na katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba aliandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa ili pasiwe na lawama juu ya utunzaji wake. Kwa lugha ya leo, alitenga mfuko na kuweka mashahidi. Bodi nayo hutimiza jambo hilo hilo inapoagiza ruzuku yenye masharti iwe na akaunti yake ya benki.

3. Asilimia ya nini?

Katika taarifa iliyoambatana na makisio hayo, mkuu wa shule ameandika kwamba mishahara ni asilimia 48, na kwamba shule bado iko chini ya nusu. Maneno hayo huleta utulivu. Hata hivyo, asilimia peke yake ni sentensi isiyokamilika, kwa maana ni lazima iwe asilimia ya kitu fulani. Mjumbe asione haya kuuliza:

"Mhasibu, hii asilimia 48 ni ya nini?"

"Ni ya mapato yote, Baba Mchungaji. Milioni 216 katika milioni 450."

"Pamoja na zile za maabara?"

"Ndiyo, pamoja na hizo."

Hapo mambo yanafunguka. Tumekwisha kuona kwamba fedha za maabara haziwezi kulipa mishahara. Tukigawanya milioni 216 kwa milioni 390 ambazo shule inaweza kuzitumia, tunapata asilimia 55. Hakuna aliyesema uongo. Hesabu ya asilimia 48 ni sahihi, ila imepimwa kwa kikapu kikubwa kuliko kile kinacholipa. Jengo likikamilika na ruzuku ikikoma, mishahara itaonekana "imepanda" kutoka asilimia 48 hadi 55 hata kama hakuna mwalimu aliyeongezwa senti.

Kuna mtego mwingine wa asilimia, nao ni wa ongezeko. Katika makisio haya mishahara imepanda kutoka milioni 200 hadi milioni 216, yaani asilimia 8. Ndani ya fungu la uendeshaji, chai ya vikao vya bodi imepanda kutoka shilingi 600,000 hadi 1,200,000, yaani asilimia 100. Ni rahisi kukisia ni kipi kitakachojadiliwa kwa nusu saa. Asilimia 100 inashtua, tena kila mjumbe anaijua bei ya sukari. Lakini asilimia 100 ya chai ni laki sita, na asilimia 8 ya mishahara ni milioni 16. Mwingereza Parkinson aliieleza tabia hii ya kamati za fedha katika kitabu chake cha mwaka 1957: mambo makubwa yasiyoeleweka hupita kwa dakika chache, na madogo yanayoeleweka na wote hula muda wa kikao. Kinga yake ni ndogo. Kando ya kila asilimia ya ongezeko, mjumbe aandike kwa kalamu ongezeko hilo ni shilingi ngapi, kisha aanze kuuliza kutoka lililo kubwa zaidi kwa shilingi.

4. Maelezo yaliyo chini ya jedwali

Mwanafunzi wa Kiyunani anajua kwamba chini ya ukurasa wa Agano Jipya la kitaaluma mna mistari ya herufi ndogo inayotaja jinsi nakala za kale zinavyotofautiana. Msomaji mgeni huiruka. Mwenye kufasiri huanza kazi yake hapo, kwa sababu hapo ndipo anaposhuhudia kwamba maandishi ya juu ni uamuzi uliofanywa na watu na kwamba uamuzi mwingine ungewezekana. Maelezo ya makisio yana kazi ya namna hiyo. Tarakimu ya juu inasema nini kinatarajiwa. Maelezo yanasema ni kwa kukubali nini kwanza. Maelezo ya shule yetu yanasomeka hivi:

Maelezo 1. Ada imekisiwa kwa wanafunzi 240, kila mmoja akilipa ada kamili ya Sh. 1,500,000. Mwaka uliopita makusanyo yalikuwa asilimia 90 ya ada iliyotakiwa kulipwa.

Maelezo 2. Ruzuku itapokelewa kwa awamu mbili. Awamu ya pili italetwa baada ya taarifa ya matumizi ya awamu ya kwanza kukubaliwa.

Maelezo 3. Mishahara ni pamoja na mchango wa mwajiri katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Ongezeko la milioni 16 ni nyongeza ya mwaka milioni 4 na walimu wawili wapya milioni 12. Malimbikizo ya michango ya nyuma, milioni 14, hayakuingizwa.

Tuanze na la kwanza. Wanafunzi 240 mara 1,500,000 ni milioni 360. Hesabu ni sahihi. Lakini sentensi ya pili ya maelezo hayo hayo inakiri kwamba mwaka uliopita katika kila shilingi mia iliyotakiwa zililetwa tisini. Asilimia 90 ya milioni 360 ni milioni 324. Tofauti ni milioni 36, nayo imemeza ziada ya milioni 9 na kuacha upungufu wa milioni 27. Mapato ambayo bodi inaweza kuyatumia hayakuwa milioni 450, wala 390, bali ni milioni 354. Na mishahara ile ile sasa ni asilimia 61.

Upungufu wa milioni 27 una maana gani? Tarakimu kubwa huwa baridi mpaka tuigawe kwa kitu tunachokijua. Mishahara ya mwezi mmoja ni milioni 216 gawanya kwa 12, yaani milioni 18. Kwa hiyo milioni 27 ni mishahara ya mwezi mmoja na nusu. Kwa maneno mengine, makisio yenye "ziada" yanasema, kwa wenye kusoma maelezo, kwamba nusu ya mshahara wa Novemba na mshahara wote wa Desemba havina chanzo.

Mhasibu anaweza kujibu kwamba asilimia 10 iliyobaki haipotei, kwani ni deni, na wazazi wengine huja kulipa mwaka unaofuata. Ni jibu halali, na lazima lisikilizwe. Lakini ada inayodaiwa si ada iliyopokelewa. Dukani haiwezi kununua mahindi. Maswali yanayofaa hapo ni mawili. Je, katika madeni ya mwaka uliopita, ni kiasi gani kimelipwa mwaka huu hadi sasa? Na je, kati ya wadaiwa, ni wangapi wamekwisha kumaliza kidato cha nne na kuondoka? Deni la mwanafunzi aliyepo darasani lina matumaini. Deni la aliyeondoka miaka miwili iliyopita huwa jina katika daftari tu. Aidha, inafaa kuuliza wanafunzi 240 wanatoka wapi. Ikiwa mwaka huu wako 225, basi 15 ni matumaini, na kila mmoja asiyekuja anapunguza shilingi 1,500,000 za mapato, ingawa chakula nacho kitapungua kidogo.

Maelezo ya pili yanakumbusha kwamba milioni 60 hazitakuja kwa pamoja. Fundi akisaini mkataba wa jengo zima huku mkononi ipo nusu tu ya fedha, nusu nyingine itatafutwa kwenye ada. Mkataba ufuate awamu.

Maelezo ya tatu yana maneno matatu ya mwisho ambayo ni rahisi kuyapita: "milioni 14, hayakuingizwa". Jedwali lilionyesha yale ambayo mwandishi alichagua kuyaweka; hapa tunaambiwa alichokiacha nje. Michango ya hifadhi ya jamii inayocheleweshwa hutozwa faini, hivyo deni hili linakua kila mwezi lisipolipwa. Zaidi ya hayo, ni fedha za uzeeni za watu wanaojulikana kwa majina: mwalimu anayestaafu mwakani atakwenda kudai mafao na kukuta miezi isiyolipiwa. Deni hilo likilipwa lote mwaka ujao, upungufu unakuwa milioni 41. Ndiyo maana tunawashauri wajumbe kutafuta katika maelezo maneno kama "hayakuingizwa", "ikitegemea", "yamezingatia kwamba" na "itapokelewa". Kila moja ya maneno hayo ni mlango.

5. Nini kifanyike kikaoni?

Ugunduzi huu haumfanyi mhasibu kuwa mshitakiwa. Aliyeandika maelezo kwa uwazi namna hii ametenda kazi yake vema. Aliyesoma jedwali akaacha maelezo ndiye aliyepungukiwa. Ni vizuri mjumbe kumwona mhasibu siku moja kabla ya kikao na kumwomba amweleze, kwani swali lililoulizwa faragha kwa upole humwandalia mhasibu nafasi ya kulijibu vizuri mbele ya wote.

Kikaoni, bodi yetu isipitishe makisio kama yalivyo wala isiyakatae kwa hasira. Iagize ada iandikwe milioni 324, ili upungufu wa milioni 27 uonekane katika mstari wa mwisho badala ya kufichwa katika matumaini. Hapo ndipo majadiliano ya kweli yanaanza. Kuajiri walimu wawili kwaweza kuahirishwa hadi ijulikane idadi ya wanafunzi walioripoti. Hiyo ni milioni 12, au sehemu yake kama wataanza Julai. Matengenezo yasiyo ya lazima yanaweza kusubiri makusanyo ya nusu mwaka. Makusanyo ya madeni ya nyuma yaandikwe katika mstari wake mwenyewe, kwa kiasi kilichothibitishwa na miaka iliyopita. Na deni la hifadhi ya jamii lipangiwe kulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa makubaliano na mfuko unaohusika.

Njia hizi zinaweza zisitoshe kufuta upungufu wote. Hapo bodi italazimika kuchagua kati ya kupandisha ada, jambo litakalowaondoa watoto wa maskini, kuomba sharika ziongeze mchango wao wa milioni 12, au kupunguza huduma fulani. Uchaguzi huo ni wa kichungaji kuliko wa kihasibu, na ndiyo maana wachungaji wamewekwa katika bodi. Mhasibu anaweza kuonyesha gharama ya kila njia. Hawezi kutuamulia nani aibebe.

Hitimisho

Tumesoma karatasi moja, na mishahara ile ile imeonekana kuwa asilimia 48, kisha 55, kisha 61, bila mshahara wa mtu yeyote kubadilika. Kilichobadilika ni maswali yetu: jumla hii imeundwa na nini, asilimia hii ni ya nini, na maelezo yanatutaka tukubali nini kwanza. Mjumbe atakayeingia kikaoni akiwa na maswali hayo matatu, kalamu, na tarakimu ya mshahara wa mwezi mmoja wa taasisi yake, ataweza kusema Novemba jambo ambalo vinginevyo lingesemwa na walimu Desemba ya mwaka unaofuata, wakiwa wamesimama mlangoni pa ofisi ya mhasibu.